Mafuta ya Matabaka Katika Pai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaooka pai nyumbani na kuziuza katika ofisi na maduka ya Kisumu, Nakuru na Kakamega, na pia wateja wanaotaka kujua wanachokila. Yote yanahusu pai za kinyunya cha matabaka, yaani unga uliokandwa, ukafungiwa siagi au majarini ndani, kisha ukasukumwa na kukunjwa mara kadhaa. Mfano mmoja wa pai ya nyama unatumika kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hesabu yake kamili imo katika swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema "mafuta ya pai moja", tunahesabu mafuta gani hasa?

Pai ya nyama ina mafuta ya aina tatu. Kuna kiasi kidogo kinachofikichwa ndani ya unga kabla ya kutia maji. Kuna bamba la siagi au majarini linalofungiwa ndani ya kinyunya na kugeuka matabaka, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Halafu kuna mafuta ya nyama yenyewe pamoja na yale ya kukaangia vitunguu.

Ukurasa huu unahusu yale mawili ya kwanza, kwa sababu ndiyo yasiyoonekana. Mafuta ya nyama unayaona kwenye sufuria na unaweza kuyamwaga, lakini yale ya matabaka yakishafungiwa hayatenganishiki tena na unga, na ndiyo maana makadirio ya macho hukosea sana.

2. Kwa nini nisigawanye tu majarini yote kwa idadi ya pai nilizopata?

Kwa sababu si kinyunya chote kinachoingia katika pai. Ukikata miduara, pembe na nafasi zilizo kati ya mduara na mduara hubaki mezani, nazo zina matabaka na majarini kama sehemu nyingine zote. Ukigawanya majarini yote kwa pai ulizokata, utakuwa umezibebesha pai hizo mafuta ambayo bado yako kwenye mabaki.

Kanuni ya kushika ni kwamba mafuta hufuata uzito wa kinyunya, wala hayafuati idadi ya vipande. Ukijua majarini ni sehemu gani ya kinyunya chote, na ukajua kipande kimoja kina uzito gani, jibu unalo.

3. Kwa kawaida majarini huwa sehemu gani ya kinyunya?

Waokaji hupima kwa kulinganisha na unga mkavu. Katika kinyunya kamili, mafuta huwa na uzito sawa na unga. Katika kile cha robo tatu, kilo ya unga hupewa gramu 750. Na katika kile cha nusu, gramu 500. Maji kwa kawaida hukaribia nusu ya uzito wa unga.

Ukichukua kinyunya kizima, pamoja na maji na chumvi, kile kamili huwa na majarini asilimia 40 hivi, cha robo tatu asilimia 33, na cha nusu asilimia 25. Wanaookea biashara ndogo wengi wangefanya vyema kukaa kati ya nusu na robo tatu, kwa sababu kinyunya kamili ni kigumu kukisimamia bila friji nzuri, na faida yake haionekani sana kwenye pai yenye nyama yenye mchuzi.

## Hesabu yenyewe

4. Nionyesheni hesabu ya pai moja hatua kwa hatua.

Tuseme mwokaji aliyeko Kisumu anatumia kilo moja ya unga wa ngano, gramu 500 za maji, gramu 15 za chumvi, gramu 50 za majarini zinazofikichwa ndani ya unga, na gramu 600 za majarini ya kufungia. Jumla ni gramu 2,165. Majarini yote ni gramu 650, na 650 ukigawanya kwa 2,165 unapata asilimia 30.

Baada ya kukunja mara nne na kukipumzisha, anakigawa kinyunya mara mbili sawa na kusukuma mabapa mawili, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40. Unene hapo huwa takriban milimita 4. Kila bapa linatoa miduara 24 yenye kipenyo cha sentimita 10. Pai moja inachukua miduara miwili, wa chini na wa juu, kwa hiyo anapata pai 24.

Sasa anapima. Anaweka miduara kumi kwenye mizani ya jikoni kwa pamoja, kwa sababu mizani nyingi za nyumbani hazisomi vizuri uzito mdogo, na anapata gramu 354. Mduara mmoja basi una gramu 35.4, na pai moja ina kinyunya cha karibu gramu 71. Asilimia 30 ya 71 ni gramu 21.3. Hayo ndiyo majarini ya pai moja: takriban gramu 19.7 za matabaka na gramu 1.6 zilizofikichwa ndani ya unga.

Angegawanya 650 kwa 24 angepata gramu 27, yaani angezidisha kwa zaidi ya robo. Tofauti hiyo haikupotea: imo kwenye mabaki yenye gramu 465 hivi, ambayo yana majarini karibu gramu 139.

5. Sina mizani. Ninaweza kukadiria?

Unaweza, kwa kutumia eneo. Bapa likiwa limesukumwa kwa unene sawa, kila sentimita ya mraba ina mafuta yaleyale. Katika mfano wetu mabapa mawili yana sentimita za mraba 4,800 kwa jumla na majarini gramu 650, kwa hiyo kila sentimita 100 za mraba zina gramu 13.5. Mduara wa sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 78.5, na miwili ina 157. Ukizidisha 1.57 kwa 13.5 unapata gramu 21.2, karibu sawa kabisa na jibu la mizani.

Majarini yenyewe huyapimi kwa kijiko ikiwa yako kwenye pakiti. Pakiti ya gramu 500 ukiigawa kwa kisu mara nne sawa, kila kipande ni gramu 125, na hilo ni sahihi kuliko kijiko cha mezani, ambacho hubeba gramu 14 kikisawazishwa na zaidi ya 20 kikijazwa kwa rundo.

Tahadhari ni moja tu. Kinyunya kilichotoka kusukumwa hujivuta na kurudi nyuma. Ukipima bapa likiwa bado limenyooshwa, kisha likanywea kabla hujakata, vipande vyako vitakuwa vizito kuliko hesabu. Liache bapa dakika 20 mahali pa baridi, ndipo ulipime kwa rula na kulikata.

6. Je, gramu 21 za majarini ni gramu 21 za mafuta?

La. Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 hadi 82, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Majarini ya kuokea pia huwa karibu na asilimia 80, lakini ya kupaka kwenye mkate yanaweza kuwa na mafuta machache zaidi na maji mengi. Mafuta magumu ya kupikia, yale meupe ya kopo, hayana maji na ni mafuta matupu.

Soma sehemu ya virutubisho kwenye pakiti, mahali palipoandikwa mafuta kwa kila gramu 100. Kama ni 80, zile gramu 21.3 zina mafuta halisi gramu 17, sawa na kalori zipatazo 153, kwa kuwa kila gramu ya mafuta hutoa kalori 9. Kama ni 60, mafuta halisi ni gramu 12.8. Ukitumia mafuta magumu ya kopo kwa uzito uleule, ni gramu 21.3 kamili. Pai tatu zinazofanana kwa macho zinaweza basi kutofautiana sana, na hakuna atakayejua asiposoma pakiti.

7. Nikipanga bei, nitumie gramu 21 au 27?

Swali la bei na swali la mlaji ni maswali mawili, na huu ndio mkanganyiko tunaoukuta mara nyingi kuliko mwingine. Mteja anayeuliza anakula mafuta kiasi gani anastahili jibu la gramu 21 za majarini, au 17 za mafuta halisi. Lakini daftari la biashara linapaswa kuandika gramu 27 ikiwa mabaki yanatupwa, kwa kuwa majarini ya mabaki ulinunua kwa fedha na hayakurudi dukani.

Mabaki yakitumika tena, hesabu mbili hizo hukaribiana. Tazama swali la 12.

## Matabaka, joto na makosa ya mikono

8. Nikikunja mara nyingi zaidi, pai itakuwa na mafuta mengi zaidi?

Hapana. Kukunja hakuongezi hata gramu moja. Kila mkunjo wa sehemu tatu huzidisha matabaka ya mafuta mara tatu: mkunjo wa kwanza hutoa 3, wa pili 9, wa tatu 27, wa nne 81, na ukifika wa sita ni 729. Kinachopungua ni unene wa kila tabaka. Kwenye bapa la milimita 4 lenye matabaka 81, kila tabaka la majarini lina unene wa takriban sehemu mbili za mia za milimita.

Kwa sababu hiyo pia huwezi kukadiria mafuta kwa kuhesabu matabaka ya pai iliyokatwa. Ukiongeza mikunjo kupita kiasi, matabaka huwa membamba hata yakapasuka na kuingiliana na unga, na pai hutoka kama mkate mnene ingawa mafuta yake hayajabadilika.

9. Pai inayopukutika sana na kulowesha mfuko wa karatasi, si ndiyo yenye mafuta mengi?

Si lazima. Kupukutika hutokana na matabaka kubaki mazima: maji yaliyo ndani ya kinyunya na ndani ya majarini hugeuka mvuke kwenye oveni, mvuke unainua kila tabaka, na mafuta yanazuia matabaka yasigandane. Kinyunya cha nusu kilichofanywa kwa uangalifu kinaweza kuinuka kuliko kinyunya kamili kilichoharibiwa na joto.

Doa la mafuta kwenye karatasi linaonyesha kwamba mafuta yalitoka mahali pake. Pai yenye gramu 21 zilizotulia huacha doa dogo, na yenye gramu 15 zilizovuja huulowesha mfuko wote.

10. Joto la Kisumu hubadilisha hesabu?

Hubadilisha matabaka kabla ya kubadilisha hesabu. Siagi huanza kulegea ikipita nyuzi 20 za selsiasi, na huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35. Alasiri ya Kisumu mara nyingi hukaribia nyuzi 30, kwa hiyo siagi iliyoko mezani hulainika kama ya kupaka na kunyonywa na unga wakati wa kusukuma. Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake za baridi humpa mwokaji muda mrefu zaidi.

Mafuta yaliyonyonywa na unga bado yamo ndani ya pai. Gramu ni zilezile, ila pai haiinuki. Hesabu huharibika pale tu mafuta yanapotoka nje ya kinyunya, kwa kubaki mezani na kwenye kifimbo cha kusukumia, au kwa kuvuja kwenye trei. Ukiona meza inang'aa na unga wa kunyunyizia unageuka uji wa manjano, hapo unapoteza mafuta. Kinyunya kirudi kwenye friji mara moja, bila kuongezewa unga mkavu. Anayeokea Kisumu afanye mikunjo yake alfajiri, au atumie majarini maalumu ya matabaka, ambayo hutengenezwa yavumilie joto zaidi ya siagi.

Baridi nayo ina kosa lake. Siagi iliyotoka friji ikiwa ngumu kama ubao haitandazwi. Huvunjika vipande ndani ya kinyunya. Hapo ndipo vipande viwili vya uzito sawa hutofautiana kwa mafuta, maana kimoja kimepata bonge na kingine kimekosa. Kata ukingo wa bapa kwa kisu chenye makali na utazame: mistari ya manjano iwe imenyooka bila kukatika. Ikiwa ni madoadoa, wastani wa hesabu yako bado ni kweli kwa trei nzima, lakini usimwambie mteja kuwa pai yake mahususi ina gramu 21.

11. Vipande vya ukingoni vina mafuta sawa na vya katikati?

Mara nyingi vina machache. Bamba la majarini linapofungiwa, pembeni hubaki ukanda wa unga mtupu unaoziba. Kwa mwokaji makini ukanda huo ni mwembamba, lakini asiyeyafikisha majarini pembeni anaweza kuwa na sentimita mbili au tatu za unga usio na kitu. Ni vyema kupunguza ukingo huo kabla ya kukata. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba sehemu iliyobaki ina asilimia ya mafuta iliyo juu kidogo kuliko ile ya kinyunya kizima.

## Hali zisizo za kawaida

12. Mabaki niliyoyasukuma tena yahesabiwe vipi?

Asilimia yake haibadiliki, ni ileile 30. Zile gramu 465 za mabaki zinatosha pai sita nyingine za gramu 71, na kila moja ina majarini gramu 21 kama zile za kwanza. Ukishafika pai 30, hata ule mgawanyo mwepesi unakaribia ukweli, kwa kuwa 650 kwa 30 ni 21.7.

Yapange mabaki moja juu ya jingine yakiwa yamelala, usiyafinyange kuwa donge. Yakifinyangwa, matabaka hufa. Hata hivyo hutumika vizuri kama miduara ya chini, ambayo haihitaji kuinuka.

13. Mafuta yaliyovuja kwenye trei niyatoe?

Ndiyo, kama yanaonekana. Pima karatasi ya kuokea kabla ya kupanga pai, kisha uipime tena baada ya kuziondoa na kupukuta makombo. Tuseme ilikuwa gramu 12 na sasa ni 60: zimeongezeka gramu 48, ambazo kwa pai 24 ni gramu 2 kila moja. Maji yameshakauka kwenye oveni, kwa hiyo kilichobaki kwenye karatasi ni mafuta yenyewe. Yatoe kwenye zile gramu 17 za mafuta halisi, ubaki na 15, wala usiyatoe kwenye gramu 21 za majarini. Ikiwa nyama nayo ilivuja mchuzi, njia hii haitakufaa.

14. Nimenunua pai dukani na sijui ilivyotengenezwa. Nitakadiriaje?

Ipasue, kwangua nyama yote, kisha upime ganda peke yake. Ganda lililookwa limepoteza maji mengi lakini mafuta yamebaki, kwa hiyo asilimia yake ni kubwa kuliko ya kinyunya kibichi. Pai ya mfano wetu huingia na kinyunya cha gramu 71 na kutoka na ganda la gramu 52 hivi. Mafuta halisi gramu 17 ni karibu theluthi ya ganda hilo.

Anza na theluthi basi. Ganda la gramu 60 lina mafuta yapatayo gramu 20. Kinyunya cha nusu kingetoa robo na zaidi kidogo, na kinyunya kamili kingefika mbili ya tano, kwa hiyo jibu la haki ni "kati ya gramu 16 na 24". Ganda la chini likiwa limelowa mchuzi, uzito wake una maji ya nyama, na makadirio yako yatazidi ukweli.

15. Na soseji iliyoviringishwa kwa kinyunya hichohicho?

Tumia eneo. Ukanda wa sentimita 8 kwa 10 ni sentimita za mraba 80, na kwa bapa la swali la 5 una majarini gramu 10.8, au mafuta halisi gramu 8.6. Mafuta ya soseji yanasomwa kwenye pakiti yake na kujumlishwa.

16. Yai la kupaka juu linaongeza mafuta?

Kidogo mno, halina haja ya kuandikwa. Anayepaka siagi iliyoyeyushwa badala ya yai ndiye anayepaswa kuipima.

17. Mteja wangu ameshauriwa apunguze mafuta. Nipunguze wapi bila kuharibu pai?

Kishawishi cha kwanza ni kupunguza majarini ya kufungia. Ukishuka chini ya nusu ya uzito wa unga, matabaka huanza kugandana na pai huwa ngumu, na mteja hairudii. Ni rahisi zaidi kupunguza kinyunya chenyewe. Bapa likisukumwa hadi milimita 3 badala ya 4, kila mduara hupungua kwa robo, na majarini ya pai moja hushuka kutoka gramu 21 hadi 16 bila kugusa vipimo vya unga.

Njia ya pili ni kuokea kwenye kibakuli kidogo, nyama ikiwa chini na mduara mmoja tu juu. Hapo majarini ni gramu 10.6 kwa milimita 4, au gramu 8 kwa milimita 3. Pai hiyo haiwezi kuliwa kwa mkono njiani, kwa hiyo inamfaa anayeuza mezani kuliko anayezipeleka ofisini kwenye kikapu.